Jibu ni Nne, na Nne Haimo

Mwezi Mei 1982, vijana wapatao 300,000 nchini Marekani walifanya mtihani wa SAT, ule ambao vyuo vikuu vingi vya huko huutumia kuchuja waombaji. Katika sehemu ya hisabati palikuwa na mchoro wa maduara mawili yanayogusana, dogo likiitwa A na kubwa likiitwa B. Watahiniwa waliambiwa kwamba nusu kipenyo cha A ni theluthi moja ya nusu kipenyo cha B, na kwamba A linabingirika kulizunguka B. Kisha wakaulizwa: A litakuwa limejizungusha mara ngapi pale kitovu chake kitakaporudi kwa mara ya kwanza mahali kilipoanzia? Majibu ya kuchagua yalikuwa matano: 3/2, 3, 6, 9/2 na 9.

Watunga mtihani walikusudia 3. Jibu sahihi ni 4, na 4 haikuwemo.

Kosa hilo lina mvuto kwa sababu hoja iliyowapotosha watunga mtihani ni hoja ambayo karibu kila mtu aliyesoma hisabati angeitoa. Mzingo wa duara kubwa ni mara tatu ya mzingo wa duara dogo. Duara dogo likibingirika mara moja, linamaliza urefu wa mzingo wake mmoja. Basi ili limalize mizingo mitatu, lazima libingirike mara tatu. Hoja imenyooka, hesabu ni ya darasa la saba, na 3 ipo pale kwenye orodha inasubiri kuchaguliwa. Mtu anaweka alama na kwenda swali linalofuata.

Ukitaka kuona kilichoharibika, chukua sarafu mbili za shilingi 100 za Tanzania, zile zenye sura ya Mwalimu Nyerere. Laza moja mezani na uishike isisogee. Ya pili iweke juu yake kwa upande wa kaskazini, kingo zikigusana, kichwa cha Mwalimu kikiwa kimesimama wima. Sasa ibingirishe taratibu kuizunguka ile ya kwanza, bila kuiacha iteleze. Kwa kuwa sarafu ni za ukubwa mmoja, hoja ya watunga mtihani inasema itajizungusha mara moja tu mpaka irudi kaskazini. Lakini ikifika kusini, yaani nusu ya safari, utakuta kichwa cha Mwalimu kimeshasimama wima tena. Mzunguko mzima umekwisha na safari iko nusu. Ukiimalizia, sarafu itakuwa imejizungusha mara mbili.

Mzunguko wa ziada unatokana na njia yenyewe kupinda. Mtu akiuzunguka mbuyu huku uso wake ukiuelekea mti muda wote, atatazama kusini, kisha mashariki, kisha kaskazini, kisha magharibi, na akirudi alipoanzia mwili wake utakuwa umegeuka mzunguko mmoja kamili, ingawa hakuna mahali aliposimama akajizungusha. Duara dogo nalo hupata mzunguko huo mmoja kwa sababu tu limelizunguka lenzake. Ongeza mitatu ya kubingirika, unapata minne.

Kuna njia ya pili ya kufika hapo hapo, nayo ni nzuri kwa sababu haitegemei ya kwanza. Tazama kitovu cha duara dogo. Ikiwa nusu kipenyo chake ni 1 na cha duara kubwa ni 3, kitovu hicho kinasafiri kwenye duara lenye nusu kipenyo 3 + 1, yaani 4. Duara linalobingirika bila kuteleza hujizungusha mara moja kila kitovu chake kinaposafiri urefu wa mzingo wake mmoja. Safari ya kitovu ni mara nne ya mzingo huo. Kwa hiyo ni mara 4. Njia mbili tofauti, jibu moja, na jibu hilo halimo kati ya matano yaliyochapishwa.

Watahiniwa watatu waliwaandikia wenye mtihani wakieleza hivyo. Watatu kati ya laki tatu. College Board, taasisi inayomiliki SAT, ilikubali kosa, ikaliondoa swali hilo katika usahihishaji na kukokotoa upya alama za watahiniwa wote. Wengine walipanda kidogo, wengine walishuka kidogo.

Sidhani kama hao wengine wote waliona 3 kuwa sahihi. Wengi waliona, hilo ni wazi, maana hoja ya mizingo ina ushawishi. Lakini kati ya watu laki tatu lazima walikuwepo waliopata 4, wakaikosa kwenye orodha, na wakaamua kwamba waliokosea ni wao. Huo ndio ugumu wa kazi hii. Karatasi ya mtihani huja na mamlaka. Imetungwa na wataalamu, imepitiwa, imechapwa, imefungwa kwa lakiri. Mtoto wa miaka kumi na sita akiona hesabu yake haikubaliani na karatasi, jambo la kwanza analolishuku ni hesabu yake.

Na mara nyingi anashuku sawa. Lazima nilisema hili mapema, kwa sababu anayelalamikia kila swali lililomshinda hatasikilizwa siku atakapokuwa na hoja ya kweli. Mara nyingi mtu anayesema swali halina jibu amekosea mahali fulani. Amesoma kipenyo akadhani ni nusu kipenyo. Amepata 3/2 na kwenye orodha imeandikwa 1.5, akapita bila kuiona. Au swali lilitaka jibu kwa sentimita naye amebaki na mita. Kwenye eneo la duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 7, mwanafunzi aliyetumia 3.14 anapata 153.86, na orodha ina 154, kwa sababu mtunga swali alitumia 22/7. Hapo jibu lipo. Kasoro pekee ni kwamba swali lilipaswa kusema thamani ipi itumike.

Kwa hiyo kabla ya kumnyooshea mtu kidole, pana mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kulisoma swali upya neno kwa neno, macho yako yakiwa mbali na orodha ya majibu, na kujiuliza linauliza nini hasa. La pili ni kulifanya kwa njia nyingine kabisa. Kurudia njia ile ile hakutoshi, kwani aliyekosea mara moja kwenye hatua ya tatu hukosea tena pale pale kwenye hatua ya tatu. Njia ya mzunguko wa ziada na njia ya kitovu zinapokutana kwenye 4, uwezekano wa kwamba umekosea mara mbili kwa namna mbili tofauti na bado ukaangukia namba moja unakuwa mdogo sana. Hapo una haki ya kusema.

Nimesema ujiulize swali linauliza nini hasa, kwa sababu hata swali la mwaka 1982 lina mlango wa nyuma. Ukihesabu ni mara ngapi nukta ile ile ya duara dogo inagusa duara kubwa, unapata 3 barabara. Na wanaastronomia, wanaposema sayari imezunguka, huwa wanamaanisha safari yake kulizunguka jua, na kwa maana hiyo jibu lingekuwa 1. Dunia yetu yenyewe iko katika hali hii: kwa mwaka mmoja tunahesabu siku 365 na robo hivi, lakini ukiipima dhidi ya nyota, Dunia imejizungusha mara 366 na robo. Ule mmoja wa ziada ni ule ule wa sarafu. Anayelitetea jibu la 3 anaweza kusema yeye alimaanisha migusano. Basi alipaswa kuuliza migusano. Swali lililouliza kujizungusha, likamwachia msomaji akisie kinapimwa kwa kulinganishwa na nini, limeharibika hata kama mtunzi wake ana utetezi.

Maswali yasiyo na jibu, katika majaribio yetu ya shuleni, kwa kawaida hayana undani wa namna hiyo. Mengi ni makosa ya kuchapa. Chukua hili: mstatili una urefu wa sm 12 na upana wa sm 5, mzingo wake ni sm ngapi? A ni 17, B ni 24, C ni 44, D ni 60. Mzingo ni 2 × (12 + 5), yaani 34, na 34 haimo. Ukiyatazama majibu kwa makini, utaona hata kosa lilivyoingia. Majibu yasiyo sahihi, ambayo walimu huyaita vipotoshi, hayatungwi ovyo. Kila kimoja huwa na sababu yake. Ile 17 ni ya mtoto aliyejumlisha pande mbili akasahau kuzidisha kwa mbili. Ile 24 ni ya aliyezidisha urefu peke yake. Ile 60 ni ya aliyetafuta eneo badala ya mzingo. Lakini 44 haina baba. Hakuna njia ya kawaida ya kukosea inayompeleka mtoto kwenye 44. Karibu kwa hakika hiyo ilikuwa 34, na kidole kikagonga 4 badala ya 3.

Huu ni uchunguzi wa kweli na una faida ya papo hapo. Mtoto akiwa bado chumbani, saa inakwenda, na msimamizi haruhusiwi kufafanua swali, bado anapaswa kuweka alama mahali. Pale ambapo jibu baya halikati alama, kuacha wazi hakumsaidii kitu. Achague lile ambalo mtunzi alilikusudia, yaani C kwenye swali la mstatili na 3 kwenye lile la maduara. Aandike namba ya swali pembeni, aendelee, na asilitumie dakika kumi kupigana nalo. Kuchagua C si kukubali kwamba mzingo ni 44. Ni kulinda alama yake mpaka hoja isikilizwe.

Maswali yenye majibu mawili sahihi ni mabaya zaidi, kwa sababu hayajitokezi. Aliyepata 34 na hakuiona anashtuka. Aliyepata jibu lake na kulikuta hashtuki. Hatazami tena, na hajui kwamba jirani yake, kwa hoja nzuri vilevile, amechagua jingine. Mfano mfupi: namba gani inafuata, 2, 4, 8? Kwenye majibu kuna 14 na 16. Mmoja anasema kila namba ni ya nyuma yake mara mbili, basi ni 16. Mwingine anasema tofauti ya kwanza ni 2, ya pili ni 4, basi ya tatu ni 6, na jibu ni 14. Hakuna aliyekosea. Namba tatu hazitoshi kuamua ni kanuni gani mtunzi alikuwa nayo kichwani. Wakionyeshwa 2, 4, 8, 16 wote wawili wangekubaliana juu ya inayofuata.

Mwanafunzi mwangalifu anaweza kulikamata swali la namna hii kwa kufanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi. Baada ya kupata jibu lake, anajaribu kuyaangusha yale mengine matatu, moja baada ya jingine, na kutaja kila moja lina ubaya gani. Jibu moja likikataa kuanguka, kuna tatizo. Mwalimu anayetunga anapaswa kufanya vivyo hivyo, na kwa mwalimu hili si hiari.

Hapa lakini pana hadhari. Maelekezo ya karatasi yakisema chagua jibu sahihi zaidi, basi majibu mawili kuwa na ukweli hakutoshi kuliharibu swali. Mtunzi amekwambia mapema kwamba atakuwekea lililo sahihi na lililo sahihi zaidi. Mlalamikaji anapaswa kuonyesha kwamba kati ya hayo mawili hakuna linalolizidi jingine, na hiyo ni kazi nzito zaidi.

Kesi kubwa ya majibu mawili katika miaka ya karibuni ilitokea India. Tarehe 5 Mei 2024 vijana zaidi ya milioni mbili walifanya mtihani wa NEET wa kuingia vyuo vya udaktari. Jibu sahihi huleta alama 4, jibu baya hukata alama 1, na ukomo ni 720. Kwenye fizikia walipewa kauli mbili. Kauli ya kwanza ilisema atomu hazina chaji kwa ujumla kwa sababu zina chaji chanya na hasi kwa idadi sawa. Ya pili ilisema atomu za kila elementi ni thabiti na hutoa spektra yake ya pekee. Mtahiniwa achague: ni kauli ipi sahihi na ipi si sahihi?

Kauli ya kwanza haina ubishi. Ya pili ndiyo yenye mtego, na mtego uko kwenye "kila". Atomu za urani si thabiti, wala za radi. Zinavunjika zenyewe, na ndiyo maana zinaitwa elementi za mnururisho. Kwa hiyo kauli ya pili si sahihi, na jibu ni chaguo la nne: ya kwanza sahihi, ya pili si sahihi. Tatizo ni kwamba toleo la zamani la kitabu cha kiada cha taifa liliandika kama kauli hiyo ilivyo, kwamba atomu za kila elementi ni thabiti. Toleo jipya lilisahihisha kwa kusema atomu za elementi nyingi. Watoto waliorithi vitabu vya kaka na dada zao walikuwa wamesoma kosa hilo na kulikariri. Shirika la mitihani likaamua kuwapa alama wote waliochagua la nne na wote waliochagua la pili, lile lililosema kauli zote mbili ni sahihi.

Uamuzi huo ulikuwa na huruma, na naielewa. Hata hivyo haukuwa sawa, na Mahakama ya Juu ya India iliona hivyo. Machaguo hayo mawili yanapingana. Moja linasema kauli ya pili ni kweli, jingine linasema si kweli. Haiwezekani yote yawe sahihi kwa wakati mmoja. Mwezi Julai mahakama iliagiza Taasisi ya Teknolojia ya India mjini Delhi iunde jopo la wataalamu watatu na kutoa jibu kufikia mchana wa siku iliyofuata. Jopo likarudi na jibu moja: chaguo la nne tu. Watahiniwa zaidi ya 400,000 waliokuwa wamechagua la pili wakapoteza alama 5 kila mmoja, yaani zile 4 walizopewa na 1 ya adhabu. Kati yao walikuwemo 44 waliokuwa wametangazwa kwa alama kamili za 720.

Nimeirefusha kesi hii kwa sababu inafundisha tofauti ambayo wengi wanaipita. Kwenye 2, 4, 8 majibu mawili yanasimama pamoja kwa sababu swali halikutoa habari ya kutosha. Kwenye atomu swali lilikuwa na habari ya kutosha na jibu lilikuwa moja. Kilichokuwa na kasoro ni kitabu. Vitabu viwili vikisema mambo mawili hatupati majibu mawili sahihi, tunapata kitabu kimoja kilichokosea. Anayedai kwamba swali lina majibu mawili ajiulize kwanza kama majibu hayo yanaweza kuwa kweli yote pamoja. Kama hayawezi, basi ama moja si sahihi, ama lugha ya swali inasomeka kwa njia mbili, na inambidi aseme ni ipi kati ya hizo.

Kusema kwenyewe ndiko kunakotushinda. Mtoto anakwenda kwa mwalimu na kusema: "Shikamoo mwalimu. Mwalimu, swali la tisa limenisumbua kidogo." Mwalimu anajibu: "Marahaba. Kasome tena sura ya nne." Mazungumzo yamekwisha na kosa limebaki palepale. Mwalimu hakuwa mkali, alijibu alichoambiwa. Mtoto mwingine anasema: "Shikamoo mwalimu. Samahani mwalimu, swali la tisa halina jibu sahihi. Mzingo ni 34, na 34 haimo." Mwalimu anafungua karatasi, anazidisha, na katika nusu dakika anajua. Adabu ya mtoto wa pili ni ile ile ya wa kwanza. Iko kwenye salamu, kwenye samahani, kwenye sauti. Haikumlazimu kuizungusha hoja mpaka isionekane.

Kwa maandishi ni vivyo hivyo. Malalamiko mazuri juu ya swali ni mafupi, na yanaweza kusomwa na mtu asiyekujua wala asiyekuwa na muda:

"Jaribio la Hisabati, swali la 9. Swali halina jibu sahihi. Mzingo wa mstatili wa sm 12 kwa sm 5 ni 2 × (12 + 5) = sm 34. Majibu yaliyotolewa ni 17, 24, 44 na 60. Inaelekea 44 ilikusudiwa kuwa 34. Naomba swali liondolewe kwenye alama za darasa zima."

Hapo kuna kila kinachohitajika. Swali limetajwa, tamko limetolewa kwenye sentensi ya pili, hesabu imeonyeshwa, majibu yote yameorodheshwa, chanzo cha kosa kimekisiwa, na ombi limewekwa kwa niaba ya wote. Hakuna "nahisi", hakuna "labda swali lina utata", wala hakuna lawama kwa mtunzi. Kwenye swali lenye majibu mawili, badala ya hesabu moja unaweka mbili, kila moja ikifikia jibu lake, na unasema ni habari gani ambayo ingeongezwa ili libaki jibu moja.

Lile ombi la mwisho si la mapambo, kwa sababu dawa hazifanani. Swali lisilo na jibu huondolewa, kama walivyofanya wenye SAT, au kila mtahiniwa hupewa alama yake. Swali lenye majibu mawili ya kweli husahihishwa kwa kuyakubali yote mawili, na aliyechagua lililo baya kabisa hukosa kama kawaida. Ukiliondoa swali la namna hiyo, unamnyang'anya alama mtu aliyejibu sawa. Na ukimpa kila mtu alama kwenye swali lililokuwa na jibu moja zuri, unamnyang'anya aliyelijua. Kitu kimoja hakitibiki kwa dawa yoyote: dakika ambazo mwanafunzi hodari alizipoteza akitafuta 4 ambayo haikuwepo.

Mwalimu naye ana njia yake ya kuligundua swali bovu hata kama hakuna mtoto aliyesema. Akishasahihisha, atenge karatasi za wanafunzi kumi waliofanya vizuri zaidi na ahesabu walichagua nini kwenye kila swali. Swali gumu lakini zima huwapata wengi wa hao kumi. Akikuta watano wamechagua A na watano C, huenda ana majibu mawili. Akikuta wametawanyika kwenye herufi zote, au hodari wamekosa na waliobahatisha wamepata, huenda hana jibu hata moja. Baraza la Mitihani la Tanzania huonyesha katika taarifa zake za uchambuzi wa majibu ni asilimia ngapi ya watahiniwa walichagua kila herufi, na mtu anaweza kujifunza mengi kwa kuzisoma taarifa hizo kwa jicho hili. Takwimu peke yake haithibitishi kosa. Inakwambia tu ni swali lipi ulikalie chini na kulifanya upya.

Hao vijana watatu wa 1982 walifaidika na jambo moja ambalo waliowatangulia hawakuwa nalo. Mwaka 1979 jimbo la New York lilipitisha sheria iliyowalazimisha wenye mitihani ya kuingia vyuo kuwaruhusu watahiniwa kuyaona maswali na majibu yake baada ya mtihani. Kabla ya hapo karatasi zilirudi kabatini, na kosa kama hili lilikuwa na nafasi nzuri ya kulala humo milele.

Ninalowaomba walimu na wakuu wa shule ni jambo dogo linalowezekana wiki hii. Mnaporudisha karatasi za majibu za jaribio, rudisheni na maswali, pamoja na orodha ya majibu mliyosahihishia. Wapeni wanafunzi siku tatu za kuleta pingamizi kwa maandishi kabla alama hazijaingizwa kwenye ripoti. Na mtoto akileta mistari mitano kama ile ya mstatili, mjibuni kwa maandishi pia, hata kama amekosea, mkimwonyesha hatua aliyokosea.

Nawe mzazi, mtoto wako akikwambia swali lilikuwa halina jibu, usimwambie kwamba waliotunga wanajua zaidi yake. Mpe karatasi na kalamu, umwambie akuonyeshe.